Mhudumu wa usafi amechomwa sindano: ripoti apewe nani, na muhuri wa SIRI ugongwe wapi?

NyarKondele (Jumatano, saa 3 asubuhi)
Habari za leo wadau. Mimi ni karani wa utawala katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Kisumu. Jana asubuhi dada wa usafi alikuwa anatoa mfuko mweusi wodi ya wanaume, sindano iliyotumika ikapenya mfuko na kumchoma paja. Mfuko mweusi ni wa takataka za kawaida, sindano ilifikaje humo hatujui bado. Alikimbizwa kliniki na akaanza dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya UKIMWI, ndani ya saa mbili, kwa hiyo upande wa matibabu sina wasiwasi. Yeye si mwajiriwa wetu, ni wa kampuni ya usafi tuliyoipa mkataba.

Ripoti imeshaandikwa, kurasa mbili. Ina jina lake, majibu ya kipimo chake cha kwanza, majina ya wagonjwa wawili ambao huenda sindano ilitoka kwao, na jina la muuguzi wa zamu. Mkubwa ameniambia neno moja tu: "Isambaze." Nimeona njia tatu. Niitume nzima kwa wakuu wote wa idara ili kila mtu ajifunze. Au niigonge SIRI nimpe mkurugenzi peke yake, basi. Au niigawe mara mbili, karatasi ya tukio iende kwa wengi na ya watu ifungwe. Ninyi mngefanyaje?

Omosh_wa_Zege (saa 3:20)
Mimi ni msimamizi wa usalama kwenye ujenzi, huku kwetu hatubahatishi. Gonga SIRI kila ukurasa, na ofisi ya usalama na afya kazini ipate nakala ndani ya saa 24. Sheria ya 2007 iko wazi. Ukichelewa umekwisha.

Baba_Achie (saa 3:41)
Mmeandikisha polisi? Bila namba ya OB hiyo ripoti ni karatasi ya kufungia mandazi. Shemeji yangu aliibiwa pikipiki pale stendi, akaandika barua nzuri kabisa kwa bima, wakamrudishia.

NyarKondele (saa 3:50)
Hakuna kilichoibiwa Baba Achie, ni sindano. Lakini asante.

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 5:05)
Dada, chukua njia ya tatu, ila usianze kwa kugawa. Anza kwa kupunguza. Nimeshughulikia ripoti za aina hii miaka mingi, na kosa la kwanza karibu kila mara ni kwamba karatasi imebeba mambo ambayo hayakuwa yake. Majibu ya kipimo hayana kazi kwenye ripoti ya tukio. Yakae kwenye faili lake la matibabu, maana pale kliniki yeye ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Ripoti iseme tu alihudumiwa saa ngapi na kwamba kumbukumbu ziko kliniki. Wale wagonjwa wawili vilevile: daktari anayemfuatilia ndiye anayehitaji kujua ni akina nani, ili awaombe ridhaa ya kupimwa. Hata kwake, namba ya faili inatosha.

Ukishatoa hayo, mtazame kila mpokeaji na ujiulize karatasi hii atafanyia nini. Msimamizi wa wodi na afisa wa kuzuia maambukizi wanatakiwa kurekebisha wodi. Wanachotaka ni saa, kitanda cha karibu, rangi ya mfuko, na lile boksi la kutupia sindano zilizotumika lilikuwaje. Boksi linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Likijaa mpaka mdomoni watu huanza kutupa sindano popote, na ukilipiga picha siku ileile umepata nusu ya jibu. Jina la aliyechomwa haliwasaidii kitu. Karatasi hiyo isiwe siri hata kidogo, ibandike hata ubaoni, maana usiku wa leo kuna mtu mwingine atabeba mfuko mweusi.

Kampuni ya usafi ni lazima ijue jina, kwa sababu wao ndio waajiri. Wao ndio watakaojaza DOSH/WIBA 1, fomu ya kuripoti ajali ya kazini, na kuijulisha bima yao. Wape jina, tarehe, mahali, aina ya jeraha na siku alizopumzishwa. Majibu ya kipimo wasiyapate. Nimeona mkataba wa mfanyakazi ukikosa kuongezwa mwezi wa pili tu, na sababu kila mtu aliijua ingawa haikuandikwa.

Omosh, saa 24 ni za kifo. Mtu akiumia bila kufa, taarifa ya maandishi inakwenda ndani ya siku 7. Huyu dada pengine kesho yuko kazini, na ndiyo maana kampuni itasema hakuna haja ya kujaza chochote. Haja ipo. Sheria ya fidia inamtaka mwajiri atoe taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue mtu wake ameumia. Na baada ya miezi sita likitokea la kutokea, fomu hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba alichomwa kazini, siku fulani, mahali fulani. Asipokuwa nayo atabaki na hadithi.

Omosh_wa_Zege (saa 5:30)
Nimekubali la saa 24. La SIRI sijakubali. Hasara gani ukigonga zote?

Askari_Langoni (saa 6:12)
Hasara ninayo mimi. Nilikuwa msimamizi wa walinzi kwenye ghala moja huku Magharibi, silitaji. Dizeli ya jenereta ilikuwa inapungua. Niliandika ripoti, nikataja zamu ninayoishuku, nikaituma kwa barua pepe kwa orodha ile ile ya siku zote. Orodha ilikuwa na mtu wa zamu hiyo! Aliisoma kabla hata sijamwita. Kesho yake daftari la jenereta lilikuwa jipya, mwandiko mmoja mwanzo hadi mwisho. Hapo nikajifunza kugonga SIRI.

Sasa sikiliza upande wa pili. Ripoti iliyofuata niliigonga SIRI, ikafungiwa kabatini kwa meneja. Ndani yake nilikuwa nimeandika kuhusu tundu la ua nyuma ya tangi. Mimi nikahamishwa, meneja akahamishwa. Mwaka uliofuata wakaingilia tundu lilelile, na walinzi wapya hawakuwa na habari nalo. Siri niliyoiweka mimi mwenyewe ndiyo iliyowaficha tundu.

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 6:40)
Umenirahisishia kazi. Muhuri wa SIRI bila tarehe ya kufunguliwa ni kufuli bila ufunguo. Mimi naandika mistari mitatu chini yake: nani ameugonga, akina nani wanaruhusiwa kufungua, na lini utaangaliwa upya. Na sababu iwe mtu, isiwe aibu ya hospitali. Afya ya mtu, utambulisho wa mgonjwa, uchunguzi ambao haujaisha, hizo ni sababu. "Boksi lilijaa siku nne na hakuna aliyelifunga" si sababu, hata kama inamuuma mkurugenzi.

Jambo dogo ambalo watu husahau: jina la faili. Umefunga ripoti kwa nywila, halafu kichwa cha barua pepe kinasomeka jina la dada na neno "kipimo". Kila aliyeona kiwambo amesoma siri. Tumia namba ya tukio tu.

NyarKondele (saa 7:15)
Jamani. Nimetoka chakula cha mchana na kukuta mtu ameshapiga picha ukurasa wa kwanza na kuutupa kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa idara. Watu 23. Jina lipo, majibu yapo. Mmoja ameandika "pole yake" na emoji.

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 7:22)
Basi una matukio mawili sasa, na la pili lina ripoti yake. Mwambie aliyetuma aifute kwa wote, na kila mmoja wa hao 23 athibitishe hajaihifadhi wala kuipeleka mbele. Andika saa uliyojua. Chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 habari za afya ni data nyeti, na kama kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika, Kamishna wa Data ataarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue. Na dada mwenyewe aambiwe, na aambiwe na mtu mzima aliyeketi naye, asije akaisikia kwenye ngazi.

Omosh_wa_Zege (saa 7:30)
Saa 72 si ndizo za PEP?

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 7:34)
Namba moja, saa mbili tofauti. PEP inahesabiwa tangu sindano imguse, na isipoanzwa ndani ya muda huo haianzwi. Hii ya Kamishna inahesabiwa tangu hospitali ijue habari zimevuja, yaani leo mchana.

Sista_Zamu_ya_Usiku (saa 2 usiku)
Nimesoma yote, na naona mnamzungumzia kila mtu isipokuwa muuguzi wa zamu. Jina lake liko kwenye ripoti na yeye hajaiona, niwekeeni dau. Mimi niliwahi kuandikwa hivyo. Nilijua siku ya kuitwa kwenye kamati, wenzangu walikuwa wamesoma wiki nzima. Boksi lilikuwa limejaa kwa sababu mapya hayakuletwa, na hilo halikuandikwa na yeyote. Muuguzi apewe nakala siku ya kwanza.

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 2:25 usiku)
Sista, hapa tutatofautiana kidogo. Kwenye karatasi ya wengi jina lake lisiwepo kabisa, iandikwe "muuguzi wa zamu". Lakini akisoma maelezo ya wengine kabla ya kutoa yake, maelezo yake yatajipanga kuyajibu. Kumbuka lile daftari la jenereta. Aandike kwanza, kisha asome.

Sista_Zamu_ya_Usiku (saa 2:31 usiku)
Daftari la jenereta lilikuwa la mwizi. Mimi sikuwa mwizi. Bado sikubali.

NyarKondele (Alhamisi, saa 4 asubuhi)
Picha imefutwa, wote 23 wamejibu isipokuwa mmoja aliye likizo. Ripoti ya kwanza nimeivunja: karatasi ya tukio imekwenda wodini na kwa afisa wa maambukizi bila jina lolote, barua ya kampuni imeondoka na jina na jeraha tu, majibu yamerudi kliniki. Bahasha ya SIRI imebaki moja, ina maelezo ya mashahidi, na tarehe ya kuangaliwa upya ni mwisho wa mwezi. Sista, jina la muuguzi nimelitoa, ila la nakala nimemwachia mkurugenzi.

Halafu dada mwenyewe akaja ofisini kwangu akauliza, "Na mimi karatasi yangu iko wapi?" Nilikuwa nimeandika wapokeaji sita na yeye hayumo. Nimempa nakala ya yanayomhusu, amekunja akatia kwenye begi.

Kilichobaki: kampuni imepiga simu, bima yao inataka majibu ya kipimo cha kwanza "kabla ya kufungua faili". Niwaambie nini?

Mtunza_Ubora_Nakuru (saa 4:18)
Waandike barua, wamwombe dada mwenyewe. Akiridhia kwa maandishi, daktari atayatuma majibu kwa daktari wa bima, hayatapitia kwako wala kwa kampuni.

Omosh_wa_Zege (saa 4:26)
Na akikataa, faili halifunguliwi. Nimeyaona hayo kwa vijana wangu. Hapo mnamlinda au mnamkosesha?