Tupeane uzoefu: mahojiano ya kwanza na mteja anayetakiwa kuhama

Mwanakliniki

Ndugu zangu, naanza kwa kunakili ukurasa wa shajara yangu ya kliniki ya sheria. Yote yanayoweza kumtambulisha mteja nimeyaondoa.

Mteja wangu wa kwanza ni mama anayeuza chai, maandazi na githeri katika chumba kinachotazama barabara huko Kawangware, na usiku hulala nyuma ya pazia humo humo. Ameambiwa ahame katika siku 14. Nilimwacha aanzie anapotaka, naye hakuanza na barua wala kodi, bali na sufuria zake, kwa kuwa vyombo vya jirani yake vilitolewa nje mvua ikinyesha na vingine havikuonekana tena. Alipotua ndipo nikaomba karatasi. Ilikuwa imechanwa kutoka daftari la hesabu, imeandikwa na keateka, yaani msimamizi wa nyumba, haina sababu wala sahihi ya mwenye nyumba. Kwenye simu, jumbe za M-Pesa zilionyesha shilingi 6,000 kila mwezi kwenda kwa keateka huyo huyo, isipokuwa miezi miwili ya mwisho.

Nilimweleza kwamba sheria itakayomlinda inategemea matumizi ya chumba, kisha nikamwuliza ni kipi kinachotangulia humo, biashara au malazi. Alinyamaza. Kumbe aliwahi kuambiwa kwamba kulala dukani ni kosa, na akahofu kwamba jibu lake litampa mwenye nyumba sababu ya kumfukuza. Hofu hiyo ingeweza kuificha hoja inayomfaa kuliko zote, kwa sababu jengo linalotumika hasa kwa biashara linaangukia Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, na huko notisi lazima iwe katika fomu iliyowekwa, itaje sababu, na impe mpangaji muda usiopungua miezi miwili. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

Wenzangu, mteja wenu alificha nini kwa hofu, nanyi mlikifikiaje?

Mzee wa Ploti

Mwanangu, mimi nimeishi Dagoretti miaka mingi. Mtu hatolewi bila notisi ya miezi mitatu. Mwambie huyo mama atulie, karatasi hiyo haina nguvu.

Wakili Mlezi

Mzee wangu, kuhusu karatasi uko sahihi, lakini miezi mitatu unayoitaja imo katika Sheria ya Ardhi na inawahusu wanaokalia ardhi bila haki. Huyu ni mpangaji. Vilevile kusema atulie ni hatari, kwa maana mwenye nyumba anaweza kuandika notisi nyingine iliyo sahihi, na kodi iliyochelewa miezi miwili ni sababu inayotambuliwa na Sura ya 301.

Uzoefu wangu ni huu. Mteja mmoja alinionyesha notisi iliyotimiza kila sharti, akasema aliipata "juzi". Nilipomwuliza nani aliipokea, ikabainika kwamba mtoto wake aliichukua wiki nyingi nyuma na kuiweka ndani ya kitabu cha shule. Notisi inapokuwa halali, mpangaji ana mwezi mmoja tangu kuipokea wa kumjulisha mwenye nyumba kama anakubali, na akitaka kupinga hupeleka shauri kwenye jopo la kodi ya majengo ya biashara kabla ya siku ambayo notisi inaanza kazi. Tangu hapo nauliza: ilifika mkononi mwa nani, wapi, na siku hiyo kulikuwa na nini? Watu husahau tarehe, ila hukumbuka kwamba ilikuwa siku ya kufunga shule.

Dada wa Umoja

Mimi nilikaa nyumba ya kuishi tu, ya shilingi 9,000, nikahama na depositi yangu sijarudishiwa. Je, jopo hilo litanisaidia?

Wakili Mlezi

Hapana dada, hilo ni la biashara. Sura ya 296 nayo inahusu nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500. Dai lako ni la mahakama ya madai madogo, tunza risiti.

Msaidizi wa Sheria, Mathare

Mimi ningemwambia mama huyo alipe malimbikizo sasa hivi, kwa namba ile ile, ili ujumbe ubaki kwenye simu.

Mwanakliniki

Nililiwaza hilo, lakini keateka ndiye aliyeandika barua, na mama hajawahi kumwona mwenye nyumba. Akimtumia shilingi 12,000, kisha mwenye nyumba akakana kuzipokea, itakuwaje?

Msaidizi wa Sheria, Mathare

Miezi yote iliyotangulia ililipwa kwake na hakuna aliyelalamika. Hiyo ni hoja.

Wakili Mlezi

Ni hoja, lakini mimi ningeomba kwanza amri ya jopo ya kuzuia asifungiwe, na katika ombi hilo hilo nieleze kwamba yuko tayari kulipa. Swali la pazia pia halijaisha, kwani mwenye nyumba atasema mama analala humo, kwa hiyo ni makazi. Mwulize anafungua saa ngapi, anafunga saa ngapi, na kama ana leseni ya kaunti.

Mwanakliniki

Leseni ipo, ila imeisha muda. Nitamwuliza saa zake tutakapoonana.