Msaada wakuu: nyota za manila hazitokei ukutani na sendofu ni Jumamosi

Kijana_Uyole: Wakuu habari za usiku, nipo Mbeya, nimepewa kazi ya mapambo ya sendofu na nimeahidi ukuta wa nyuma ya meza ya bi harusi utajaa nyota za mwanga. Manila nimekata kwa wembe vizuri kabisa, nikiwasha taa naona ukuta mweupe tu umefifia kidogo, nyota hata moja hakuna. Nakosea wapi? Advansi nimeshakula.

Baba_Mapacha: Vijana wa siku hizi, mnakula hela ya watu kabla ya kujaribu kazi.

Spana_Mkononi: Mwanga mdogo huo. Nenda Mwanjelwa chukua balbu kubwa ya wati 100, halafu manila isogeze karibu na ukuta, utaniambia.

Mzee_wa_Kivuli: Kusogeza ukutani ni kweli nyota inakaza, ila inabaki ndogo vile vile ilivyokatwa. Balbu kubwa ya maziwa ndo itaua kabisa, kila sehemu ya balbu inatupa nyota yake, zinapandana, unabaki na ukungu. Kijana, taa gani hiyo na manila iko umbali gani?

Kijana_Uyole: Taa ya kawaida tu mkuu, kali.

Mzee_wa_Kivuli: Zima taa zote, washa tochi ya simu. Kata nyota ya sentimita 5, ishike sentimita 30 toka kwenye tochi, ukuta uwe mita 3 mbele ya manila. Utapata nyota ya zaidi ya nusu mita. Ikitoka, tatizo ni taa yako.

Mama_Njombe: Sisi Krismasi tulitumia boksi la viatu na tochi, watoto wakafurahi mpaka shemeji akakanyaga boksi akitafuta jiko la mkaa, baridi ya huku mnaijua wenyewe. Dogo, bi harusi kavaa rangi gani?

Kijana_Uyole: Mzee imetoka!! Hafifu lakini nyota kabisa. Sasa mbona kwenye projekta haitoki?

Mzee_wa_Kivuli: Projekta? Ulisema taa ya kawaida.

Kijana_Uyole: Si inatoa mwanga mkuu. Nimebandika manila pale pale kwenye lenzi na selotepu, vinyota 40 vya sentimita moja moja. Ni ya kanisani, nimeiazima kidogo.

Baba_Mapacha: Umeiazima kwa nani? Mzee wa kanisa anajua?

Chai_Detekta: Hii chai. Mwanzo taa, sasa projekta, baadaye utasema mshumaa. Mtu amekula advansi halafu hajui anatumia nini? Wakuu mnajibu hewa.

Kijana_Uyole: Chai ya nini bro, njoo Uyole uone. Hata sasa hivi imejizima yenyewe, kila nikifika dakika kumi inazima, inatoa joto na harufu ya selotepu.

Mzee_wa_Kivuli: Chai_Detekta, huyu hatungi, hilo la kujizima mtu hawezi kulibuni. Kijana, selotepu na manila vimefunika matundu ya feni au siyo? Toa vyote sasa hivi, acha feni izunguke mpaka ipoe, ukiendelea utalipa projekta ya watu.

Na sikia, kila tone la picha linapita kwenye lenzi nzima, kisha linakusanywa kule ukutani. Ukiziba sehemu ya lenzi picha haikatiki, inapungua mwanga tu, ndo maana umeona ukuta mweupe uliofifia. Weka picha nyeusi yenye nyota nyeupe kwenye flashi, chomeka, umemaliza. Manila ya nini?

Kijana_Uyole: Shangazi wa bi harusi ameshaziona manila na kazisifia, nikileta flashi atasema nimemtapeli. Na projekta yenyewe haina tundu la flashi.

Spana_Mkononi: Nilisema isogeze mbele.

Mzee_wa_Kivuli: Hapo Spana yuko sawa kwa nusu. Projekta ionyeshe weupe mtupu, manila nzima itundike kwenye kamba mita 1 mbele ya lenzi, ukuta uwe mita 2 nyuma ya manila. Nyota inakua mara tatu. Lenzi ikiwa na upana wa sentimita 3, ukingo utafifia kama sentimita 6, kwa hiyo vinyota vyako vya sentimita moja vitapotea vyote. Kata upya, sentimita 15 kila moja, na zisizidi nane kwa manila moja.

Kijana_Uyole: Nikate upya zote? Nimekesha siku mbili mkuu, haiwezekani nikapunguza umbali hizi hizi zikafaa?

Mzee_wa_Kivuli: Ukizisogeza karibu na ukuta zitakaza, ila zitabaki ndogo vile vile, ukuta haujai. Kata upya.

Mama_Njombe: Na kamba ikiwa katikati ya ukumbi MC atapita wapi? Yule akishika maiki hatulii.

Kijana_Uyole: Ndaga Mzee. Nimekata moja ya sentimita 15, imetoka, pembe zimekuwa kama mviringo kidogo lakini nyota. Hilo la MC sijui, projekta naweza kuiweka juu ya kabati?

Baba_Mapacha: Mzee wa kanisa anajua?