Doa jeupe kwenye IRM ya moyo wa mdogo wangu: ni kovu, au ugonjwa bado unaendelea?

Furaha_Bkv
Jambo kwenu nyote. Mdogo wangu ana miaka 24, kilo 65, anacheza mpira hapa Kadutu. Alipata homa, siku ya nne kifua kikamuuma sana na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia, ikapanda. Tulimpeleka Nairobi. Mishipa ya korona ilikutwa safi. IRM ya moyo ilifanyika siku ya 9 tangu maumivu yaanze. Rapoti inasema moyo unasukuma 54%, kuna mng'ao wa kuchelewa wa gadolini kwenye tabaka la nje la ukuta wa pembeni kuelekea chini, T2 ya mahali hapo ni ms 61 na ya misuli mingine ni ms 48. Mwishoni wameongeza kuhusu septamu, ukuta wa katikati ya moyo: "mstari mwembamba ndani ya septamu, umeonekana kwenye mkato mmoja." Daktari mmoja hapa ametuambia ni kovu la maisha. Ni kweli? Na timu yake inamngoja baada ya mwezi mmoja, nifanye nini?

Kasongo_Katuba
Pole sana yaya. Gadolini haiwezi kuingia ndani ya chembe hai ya moyo, inaingia tu pale chembe zilipopasuka. Basi panapong'aa pamekufa, na misuli ya moyo ikifa hairudi. Huo ni mshtuko wa moyo. Aanze aspirini na dawa za kolesteroli.

Picha_za_Moyo_Lshi
Ndugu Kasongo, mwanzo wa maneno yako ni sahihi, mwisho wake hapana. Gadolini hukaa nje ya chembe. Misuli yenye afya imebanana, dawa inapata nafasi ndogo na inaondoka haraka. Ndiyo maana tunachoma sindano, tunasubiri dakika 10 hadi 20, halafu tunapiga picha: penye nafasi kubwa dawa bado ipo, panaonekana peupe. Lakini nafasi hiyo inaongezeka kwa njia zaidi ya moja. Chembe zikipasuka, dawa inaingia. Maji ya uvimbe yakitenganisha chembe ambazo bado ziko hai, dawa inakaa kati yake. Na baada ya miezi, kovu lenyewe lina nyuzi nyingi na chembe chache, nalo linashika dawa. Peupe pote panafanana. Picha hiyo peke yake haikuambii kama ni ya wiki iliyopita au ya miaka mitano nyuma.

Da Furaha, kwenye rapoti yako kuna vitu viwili vinavyojibu. Cha kwanza ni mahali. Mshtuko wa moyo unaanzia tabaka la ndani, kwa sababu ndilo linalokosa damu kwanza, kisha unapanda kuelekea nje, na unafuata eneo la mshipa mmoja. Hili la mdogo wako liko nje, na la ndani ni zima. Ukuta huo, tabaka hilo, kijana aliyetoka kuugua homa, korona safi: hiyo ni miokaditi, yaani uvimbe wa misuli ya moyo. Aspirini ya maisha na dawa za kolesteroli hazina kazi hapo.

Cha pili ni ile T2, ambayo inaona maji. Kila mashine ina kiwango chake cha kawaida, kwa hiyo usiilinganishe 61 na namba ya mgonjwa mwingine. Ilinganishe na 48 ya misuli yake mwenyewe. Pana maji palepale panapong'aa. Vigezo vya kutambua miokaditi kwa IRM, vinavyoitwa Lake Louise, vilivyorekebishwa 2018, vinataka hivyo: dalili moja ya maji na moja ya misuli kuumia. Siku ya 9, sehemu ya weupe ule ni uvimbe, nao utapungua. Kitakachobaki baada ya miezi 6 ndicho tutakachokiita kovu. Leo hakuna anayeweza kusema litakuwa kubwa kiasi gani.

Mama_Nehema_Goma
Mimi mama mkwe wangu ana figo mbaya, tuliambiwa gadolini ni sumu. Kwa nini huyo kijana asifanye eko tu?

Picha_za_Moyo_Lshi
Mama, eko inaona ukuta unavyotembea. Moyo unaosukuma 54% unaweza kuonekana mzima kwenye eko huku doa lipo. Kuhusu figo, hofu ilikuwa kubwa zaidi kwa dawa za zamani zenye umbo la mnyororo, kwa wenye uchujaji wa figo chini ya 30. Gadobutroli na nyingine zenye umbo la pete zina hatari ndogo sana. Kwa mama mkwe, mpelekeeni daktari kreatinini ya karibuni kabla ya kupanga picha.

Furaha_Bkv
Asante dokta, nimeelewa. Ule mstari wa septamu nao?

Picha_za_Moyo_Lshi
Hapo ndipo ningekaza. Utafiti wa ITAMY wa 2017 uliwafuata wagonjwa wa miokaditi ambao mioyo yao ilikuwa bado inasukuma vizuri. Wenye mng'ao katikati ya septamu ya mbele walipata matatizo zaidi kuliko wenye mng'ao wa nje pembeni kama huu. Kwa hiyo mstari huo ukiwa wa kweli unabadilisha ufuatiliaji. Ila mstari wa mkato mmoja hauaminiki bado.

Chukua CD, siyo filamu zilizopigwa picha kwa simu. Mpe anayesoma moyo afungue mfululizo wa mng'ao wa kuchelewa, ulioandikwa `LGE` au `PSIR`. Kwanza aangalie misuli mizima: iwe nyeusi kabisa. Ikiwa ya kijivu, muda wa kuizima, unaoandikwa `TI`, ulikosewa. Dawa inavyozidi kutoka, muda huo unahitaji kurefushwa. Fundi akibaki na ule wa dakika ya 10 hadi dakika ya 20, picha za mwisho zinaharibika. `PSIR` inasamehe kosa hilo kwa sehemu, siyo lote. Pili, atafute mstari uleule kwenye mkato wa urefu wa moyo. Kovu lipo pande zote mbili; kivuli cha pumzi au cha mapigo yasiyo sawa hakipo. Tatu, aangalie kama uko juu kabisa, karibu na vali. Pale kuna mishipa midogo inayotoboa septamu, nayo ikijaa dawa inachora mstari mzuri sana unaodanganya.

Kasongo_Katuba
Nimekubali kuhusu aspirini. Lakini mpira, kama troponini imeshashuka na hana maumivu, mwezi mmoja hautoshi? Siku hizi naona wengine wanafupisha.

Picha_za_Moyo_Lshi
Wanafupisha kwa wagonjwa wepesi, na wenzangu hatukubaliani wote. Desturi ni miezi 3 hadi 6. Kwa huyu, septamu ikiwa bado haijajulikana, mimi siwezi kumruhusu kwa mwezi. Kabla ya kurudi: troponini ya kawaida, Holta, kifaa kinachorekodi mapigo ya moyo, ya saa 24 bila mapigo ya hatari, na kipimo cha moyo akikimbia. IRM irudiwe mwezi wa 6, mashine ileile na kipimo kilekile cha dawa. Walimpa kiasi gani?

Furaha_Bkv
Imeandikwa gadobutroli ml 9.75.

Picha_za_Moyo_Lshi
Ni mmol 0.15 kwa kilo, sawa kabisa. Iandike, waitumie hiyohiyo. Mwezi wa 6, maji yakiwa yameisha na weupe umepungua, nitafurahi. Weupe ukibaki bila maji, hilo ndilo kovu, na makovu ndiko mapigo mabaya yanakoanzia, hata kama anajisikia mzima.

Furaha_Bkv
CD iko kwa yule daktari wa hapa, naifuata kesho asubuhi. Timu nawaambia leo. Wakikuta mstari uko juu karibu na vali, nitaandika hapa.