Nilisema USINIPUNGUZE, sasa mkono wangu umeshika hewa!

Mama Vishindo (mwanzisha uzi):
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Yule fundi wetu wa picha, mnamjua, simtaji, yule anayejibu "nimekuelewa dada" kabla hujamaliza kueleza. Nilimpa picha yangu, nimesimama wima, gauni la kupwaya, mkono wa kulia nyongani. Nikampa na picha ya gauni la kubana nililolipenda, amevaa mwanamitindo. Maagizo yalikuwa mafupi: nivalishe hili, mwili uuache ulivyo. USINIPUNGUZE. Kwa herufi kubwa hivyo hivyo.

Amenirudishia mtu mwingine! Kichwa changu, mikono yangu, halafu katikati kuna kiumbe kisichokula tangu kizaliwe. Hata hilo ningelimeza. Lakini mkono, jamani! Ule mkono nilioukaza nyongani sasa umeshika HEWA. Nyonga imehama, mkono umebaki unailindia nafasi. Nikamuuliza, "Huu mkono umeshika nini?" Akajibu, "Dada, umependeza."

Sikuuliza kama nimependeza! Nimeuliza mkono umeshika nini!

Kobe Mtulivu:
Umeshika matumaini 😂😂

Dada Mkuu wa Kona:
Pole mwaya. Mimi nilianza kutembea jioni na kupunguza sukari, gauni la kubana likakaa lenyewe. Usikate tamaa.

Mama Vishindo:
Dada Mkuu, umesoma hata mstari mmoja? Sitaki kupungua. Nataka nyonga yangu irudi chini ya mkono wangu.

Sauti ya Tatu:
Tumwonee fundi huruma kidogo. Gauni la kupwaya linaongeza upana, kitambaa kimesimama mbali na mwili. Ukilivua na kuweka la kubana, lazima umbo lionekane jembamba kuliko mwanzo. Hakukupunguza, amekuondolea kitambaa tu.

Mkasi Butu:
Sauti ya Tatu, hapo kwenye kitambaa uko sawa. Angeacha ukingo wa gauni la zamani kama ulivyo angemnenepesha, na hilo nalo ni kosa. Ila ukingo wa mwili haukuwa fumbo picha nzima. Mkono ukikandamiza gauni nyongani, kitambaa kinalala juu ya mwili na nyonga iko pale pale, nyuma ya kiganja. Hapo hapakuwa na cha kubahatisha. Mabegani na kifuani ni hivyo hivyo, gauni linapoegemea mwili ndipo mwili ulipo. Kazi huanza kwa kuweka alama sehemu hizo, halafu unachora mwili kwenye leya yake kabla hata hujaligusa gauni jipya.

Alichofanya ninakijua, maana nimeletewa kazi kama hizi nizikarabati. Amelichukua gauni likiwa na kiuno cha yule mwanamitindo, akalibandika, kisha akauvuta mwili wako kwa Liquify ya Photoshop mpaka ukaingia ndani yake. Inatakiwa kinyume. Mwili unakaa, gauni ndilo linalovutwa, kwa Edit > Transform > Warp, mpaka lifike kwenye mchoro.

Una picha nyingine umevaa nguo ya kubana, umesimama hivyo hivyo?

Mama Vishindo:
Ninayo, na nilimtumia! Alisema haihitaji, ana uzoefu. Uzoefu wa kushikisha watu hewa!

Mkasi Butu:
Basi ifungue. Pima kichwa kutoka utosini hadi kidevuni, halafu upana wa nyonga. Fanya hivyo hivyo kwenye picha yake. Kisha andika hapa.

Mama Vishindo:
Nimepima. Picha yangu ya zamani kichwa ni pikseli 150, nyonga 300. Ya kwake kichwa 200, nyonga 310.

Mkasi Butu:
Kwenye picha ya zamani nyonga zako ni upana wa vichwa viwili. Kwa kichwa cha 200 zilipaswa kuwa karibu 400. Amekula pikseli 90, zaidi ya sehemu moja ya tano. Gauni la kubana linaweza kukaza mwili kidogo, lakini si kiasi hicho. Wala si suala la kitambaa, Sauti ya Tatu, kwa sababu tumelinganisha nguo ya kubana na nguo ya kubana.

Tahadhari moja: kipimo hiki kinafaa kama picha zote mbili zimepigwa kwa umbali na urefu unaokaribiana. Simu ikiwa karibu na uso, kichwa kinakuwa kikubwa na hesabu inadanganya.

Kobe Mtulivu:
Pikseli 90 zimekwenda wapi? Fundi azirudishe, ni mali ya watu.

Sauti ya Tatu:
Sawa, nakubali kwa hizo namba. Lakini upande wa kushoto, ambao haukushikwa na mkono, angejuaje? Anakili wa kulia tu na kuugeuza?

Mkasi Butu:
Akigeuza atakosea pia. Mtu akisimama uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na kutokeza, ya pili inashuka. Pande mbili hazifanani. Picha ya zamani inasaidia kama alisimama vilevile. Kama hakusimama vilevile, hapo unakisia, na mimi nikikisia ninamwonyesha mwenye mwili kabla ya kumaliza.

Halafu Mama Vishindo, angalia tumbo. Je, gauni jipya lina mikunjo au kivuli chochote chini ya tumbo?

Mama Vishindo:
Hakuna. Limenyooka kama ubao.

Mkasi Butu:
Huo ni wizi wa pili, na wengi hawauoni. Unaweza kuacha ukingo sahihi kabisa na bado ukamkondesha mtu kwa kufuta kivuli. Tumbo linajulikana kwa mwanga unaokaa juu yake, giza linaloingia chini, na mikunjo inayovutwa kwa upana pale kitambaa kinapokaza. Gauni la yule mwanamitindo lilikuja na mwanga wa mwili wake. Vivuli lazima vipakwe upya kwa kufuata mwili wako.

Mama Vishindo:
Kumbe hata tumbo langu kanyang'anya! Nami nilikuwa nalia na mkono tu. Nimemtumia hizo namba sasa hivi. Amejibu, "Wateja wengi hupenda hivyo dada."

Wengi WAPI? Mkono wao nao umeshika hewa?

Jirani Asiyelala:
Yaani wewe umepunguzwa unalalamika! Mimi kanitengenezea picha ya kitambulisho cha kazini, kaniwekea nywele. Nina kipara miaka mingi. Mlinzi getini ananiambia nimlete mwenyewe.

Kobe Mtulivu:
😂😂😂 Nywele za aina gani?

Jirani Asiyelala:
Zina njia ubavuni.

Dada Mkuu wa Kona:
Mimi alinifuta kovu la kidevuni. Mwanangu akauliza yule shangazi ni nani. Ila sikusema kitu, ngozi ilitoka vizuri.

Mama Vishindo:
Jamani, uzi ni wa nyonga na tumbo. Mkasi Butu, ukiletewa hiyo kazi unaweza kuirekebisha, au nianze upya na picha ya mwanzo?

Mkasi Butu:
Anza na picha ya mwanzo. Iliyovutwa hairudi salama, vitambaa vinachakaa. Na kama ukuta nyuma yako una mistari, angalia kama haijapinda karibu na kiuno.

Sauti ya Tatu:
Jirani, hiyo njia ya nywele iko kulia au kushoto?

Jirani Asiyelala:
Kushoto. Na mke wangu anasema niiache, imenitoa vizuri.