Karakana ya milango Kibuye: fundi wa kipande, au fundi wa mshahara na mashine yangu mwenyewe?

ChumaKibuye (Kisumu)
Wadau, nisaidieni kupiga hesabu. Nina karakana ya milango ya chuma hapa Kibuye. Mlango wa kawaida nauza 14,000. Shiti, skwea, bawaba, kitasa, rodi, diski za grainda na rangi vinakula 8,600. Kwa sasa fundi namlipa kwa kipande, 2,000 kila mlango, na shiti inakunjwa kwa jirani mwenye mashine, 500 kwa mlango. Kodi ya kibanda ni 12,000 kwa mwezi. Mlinzi tunachangiana na wenzangu, fungu langu ni 3,500. Leseni ya kaunti nikiigawa kwa miezi kisha nijumlishe na simu, ni kama 1,600.

Nina njia mbili. Niendelee hivi hivi, au niajiri mafundi wawili kwa mshahara, 22,000 kila mmoja, na ninunue mashine ya kukunja kwa mkopo wa chama cha akiba, marejesho 9,500 kwa mwezi. Umeme sijui niuweke wapi. Mwezi wa tatu nilitoa milango 24 na tokeni zikala 6,000, kwa hivyo nimeandika 250 kwa mlango. Ni njia ipi itanirudishia gharama mapema?

Nyundo_Nax (Nakuru)
Mkuu, nunua mashine. Kwa hesabu yako, ukilipa kwa kipande unabaki na 2,650 kwa kila mlango. Ukiwa na mashine na watu wa mshahara unabaki na 5,150. Na ukitoa milango mingi, kodi na mishahara inagawanyika hadi kila mlango unabeba kidogo tu. Sioni cha kujadili hapo.

MamaSare (Kakamega)
Mimi nashona sare za shule, milango siijui, lakini mbona usipandishe bei? Januari mimi nakesha kwenye cherehani, ikifika Machi cherehani zimefunikwa kwa leso. Bei ya Januari ndiyo inanivusha.

ChumaKibuye
Mama, nikiongeza hata 500 mteja anavuka barabara. Hapa tumepangana vibanda kumi vinavyouza mlango ule ule. Bei siigusi.

DaftariSafi (Kisumu)
Ndugu, kabla ya kuchagua, kuna mambo mawili kwenye orodha yako. La kwanza, hakuna mahali umejilipa. Wewe ndiye unayepima, unayenunua shiti na unayebishana na wateja. Usipojiandikia chochote, kodi, mlinzi, leseni na simu ni 17,100 tu, na kwa hesabu yako ya 2,650 utaona milango 7 imetosha. Halafu mwezi wa milango 10 utajiona umepata faida, kumbe hiyo ndiyo unayokula. Unachukua ngapi nyumbani?

La pili ni umeme. Ile 250 ni kweli kwa mwezi wa milango 24 pekee. Siku usiyochomelea kitu, taa za usiku hazizimwi. Nipe tokeni za miezi kadhaa na idadi ya milango ya kila mwezi.

ChumaKibuye
Nyumbani tuseme 25,000. Tokeni ni hizi:

Januari, milango 12, tokeni 4,200
Februari, milango 18, tokeni 5,300
Machi, milango 24, tokeni 6,000
Aprili, milango 30, tokeni 9,600

Nyundo_Nax
Hiyo ni rahisi. Chukua mwezi wa juu kabisa na wa chini kabisa. Milango imeongezeka 18, tokeni zimeongezeka 5,400, kwa hivyo kila mlango unakula 300. Milango 12 kwa 300 ni 3,600, na Januari ulilipa 4,200. Inabaki 600, hiyo ndiyo inayolipwa kazi iwepo isiwepo.

DaftariSafi
Njia yako ni sahihi, Nyundo, ila ijaribu kwa miezi ya katikati. Kwa kanuni yako Februari ingekula 6,000, lakini ilikula 5,300. Machi ingekula 7,800, na ilikula 6,000. Inakosea upande ule ule mara zote mbili, na kosa linakua. Aprili kulikuwa na kitu. ChumaKibuye, ulitengeneza nini kingine mwezi huo?

ChumaKibuye
Mageti matatu ya mtu wa Riat, makubwa. Sikuyahesabu kwa sababu si milango.

DaftariSafi
Basi Aprili tunaiweka kando, kwa sababu umeme wa mageti umebebeshwa milango. Kutoka Januari hadi Machi milango imeongezeka 12 na tokeni 1,800. Hiyo ni 150 kwa mlango, na 2,400 inayobaki ni ya mwezi, uchomelee usichomelee. Februari kanuni hii inatabiri 5,100 na wewe ulilipa 5,300. Hapo tunaweza kutembea. Miezi mitatu ni michache lakini, endelea kuandika.

Na hiyo 2,400 ni kubwa kwa taa peke yake. Nani mwingine amevuta waya kwako?

ChumaKibuye
Kinyozi wa jirani. Tulikubaliana angenipa kitu, hajawahi.

DaftariSafi
Ongea naye, hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya kupunguza kabla ya mashine yoyote. Kwa sasa tuiache ilivyo.

Njia ya kipande: mlango unakula 8,600, fundi 2,000, kukunja 500 na umeme 150, jumla 11,250. Unabaki na 2,750. Kila mwezi kuna kodi, mlinzi, leseni na simu, tokeni 2,400 na mshahara wako, jumla 44,500. Gawanya, ni milango 16 na kidogo, kwa hivyo 17.

Njia ya mshahara: mlango unakula 8,750 tu na unabaki na 5,250. Lakini mzigo wa mwezi unapanda kwa 44,000 ya mafundi na 9,500 ya mkopo hadi 98,000. Milango 19.

Kwa hivyo aliyeuliza ni ipi inarudisha mapema, jibu ni kipande, 17 dhidi ya 19. Ila swali hilo halikutoshi, ndugu. Umeongeza 53,500 kila mwezi ili uokoe 2,500 kwa mlango, na 53,500 inahitaji milango zaidi ya 21 ndipo ijilipe. Kati ya mlango wa 19 na wa 21, mashine inakuingizia faida kweli, lakini ndogo kuliko ambayo ungepata bila mashine. Hapo ndipo watu wengi hujipongeza bure.

Nyundo_Nax
Sawa, lakini yeye ametoa 24 na 30. Hapo mashine imeshinda.

DaftariSafi
Ametoa pia 12 na 18. Nimepitisha miezi yote minne kwenye njia zote mbili, mageti nimeyaacha nje. Kwa kipande, Januari anapoteza 11,500, Februari anapata 5,000, Machi 21,500, Aprili 38,000. Kwa mshahara, Januari anapoteza 35,000, Februari 3,500 tena, Machi anapata 28,000, Aprili 59,500. Jumla ni 53,000 dhidi ya 49,000, karibu sawa. Tofauti kubwa ni Januari. Ana 35,000 ya kuvuka mwezi ambao watu wote wa Kisumu wanalipa karo na hakuna anayeweka mlango?

MkopoSiDhambi (Eldoret)
Mimi nina neno. Marejesho ya mkopo si gharama yote. Sehemu yake ni mtaji unaorudisha, na mwisho mashine inabaki yako. Gharama halisi ni riba na kuchakaa kwa mashine. Ukiweka 9,500 nzima unaionea mashine.

DaftariSafi
Kwa kupima faida, uko sahihi. Kwa kujua kama mwezi huu utalipa kila anayekudai, chama cha akiba hakitakuuliza mashine imechakaa kiasi gani. Mimi kwa karakana ndogo napiga kwa pesa inayotoka.

MkopoSiDhambi
Basi fanya hesabu mbili. Bado nasema wengi wameacha mashine nzuri kwa sababu ya hesabu yako hiyo ya pesa taslimu. Mkopo una mwisho, kodi ya kukunja haina.

FundiMstaafu (Nakuru)
Vijana, mmesahau mwili wa mtu. Mafundi wawili kwa siku 26 za kazi wakitoa milango 30 wamejitahidi sana. Mlango wa 31 unataka fundi wa tatu, na mshahara wake hauji kwa mlango, unakuja wote mara moja, 22,000. Kwa milango 31 njia ya mshahara inashuka hadi faida ya 42,750 na kipande ni 40,750. Ile tofauti kubwa ya mwezi wa 30 imeyeyuka. Fundi wa kipande siku ya kazi nyingi anakuja na mdogo wake, na wewe hulipi zaidi kwa mlango.

Halafu ukishaandika mtu mshahara, kuna NSSF asilimia 6 kutoka kwako na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Kwa 22,000 hiyo ni 1,650 kwa kila fundi juu ya mshahara. Milango 19 inakuwa 20.

ChumaKibuye
Mzee asante. Lakini kipande nacho kina ugonjwa wake. Januari kazi ikipungua mafundi wanahamia Mamboleo kwenye majengo, na Machi nikiwataka hawashiki simu. Ndiyo maana nilifikiria mshahara, si mashine hasa.

MamaSare
Sasa ndiyo nimeelewa swali. Mimi washonaji wangu nawapa kidogo cha mwezi na kidogo cha kipande. Hawanikimbii msimu wa chini, na mimi siumii sana.

DaftariSafi
Mama, umempa njia ya tatu. Tuseme 9,000 kwa mwezi kwa kila fundi na 1,000 kwa mlango, kukunja ibaki kwa jirani. Mlango unabaki na 3,750, mzigo wa mwezi ni 62,500. Anarudisha gharama kwenye mlango wa 17, sawa na kipande. Januari anapoteza 17,500, si 35,000. Kwenye milango 24 anapata 27,500, pungufu ya 500 tu kuliko ya mshahara. Makato ya NSSF na tozo yatamgusa hapa pia, kwa hivyo ajumlishe.

Nyundo_Nax
Na fundi je? Kwenye milango 24 kipande kinawapa 48,000 wote wawili. Hii inawapa 42,000. Fundi mzuri atakubali vipi?

DaftariSafi
Mwezi wa milango 12 wanapata 30,000 badala ya 24,000. Fundi mwenye watoto shuleni atasikia hilo. Yule mwepesi wa mkono anaweza kukataa, na hapo sina hesabu ya kukupa.

ChumaKibuye
Nimewaonyesha leo jioni. Mmoja amesema sawa, aanze mwezi ujao. Mwingine, na ndiye mkali wa kuchomelea, anataka abaki kwa kipande. Nikiwaweka kwa mikataba miwili tofauti kwenye kibanda kimoja italeta maneno? Na kinyozi ameahidi 800 kwa mwezi, tutaona.

FundiMstaafu
Maneno yatakuja. Mpe yule mkali mageti kwa kipande, na milango iende kwa mwenye mshahara. Lakini mageti uyaandikie tokeni zake kando, usije ukarudi hapa na Aprili nyingine.