Tupeane uzoefu: uliwahi kuhamishia tiketi ya ndege kwa mtu mwingine?

Bint Pangani: Mama nilimkatia tiketi ya Dar kwenda Maskati, kwenda na kurudi, 1,240,000. Siku sita kabla, presha ikapanda, daktari akamkataza kuruka. Nikaona mdogo wangu aende badala yake, hata jina la ukoo ni lilelile. Wakala amekataa. Kuna aliyefanikiwa?

Mzee wa Kariakoo: Mbona inawezekana! Mimi walinibadilishia jina bure kabisa.

Kaunta Namba 4: Mzee wangu, shikamoo. Wewe walikurekebishia, hawakukubadilishia. Nimekata tiketi miaka kumi na moja: pasi ikisoma Mwanaidi na tiketi ikasoma Mwanaid, shirika huongeza hiyo herufi kwa sababu msafiri ni yuleyule. Mama kumpisha mwana ni msafiri mpya. Mashirika mengi makubwa hayaruhusu hilo, maana watu wangenunua nauli za mapema na kuziuza ghali siku ikikaribia.

Mzee wa Kariakoo: Marahaba. Kweli, langu lilikosewa herufi mbili.

Zuhura wa Leeds: Huku Ulaya, Ryanair na easyJet wanaruhusu kuweka mtu mwingine kwa ada. Nilimwachia rafiki safari yangu ya Malaga, lakini ada ilizidi nauli niliyolipa. Afadhali angenunua mpya.

Dereva Tanga: Mimi nilisogeza tarehe tu, nikalipa tofauti ya nauli.

Kaunta Namba 4: Hiyo ni tarehe, msafiri hakubadilika. Lakini Bint Pangani, nayo ifikirie kama mama atapata nafuu. Kwanza fungua risiti ya tiketi, soma mgawanyo wa bei chini ya nauli.

Bint Pangani: Nauli 700,000, mafuta 290,000, kodi na ada za viwanja 250,000. Imeandikwa NON REF.

Kaunta Namba 4: Basi nauli haidaiki, na ile ya mafuta kwa kawaida huifuata. Hiyo 250,000 ndiyo ya kudai, kwa kuwa mama hatapita uwanjani. Wakala atakata ada yake. Mwambie aifute safari kabla ndege haijaondoka. Ikiruka mama yumo kwenye orodha, atahesabiwa kuwa hakutokea na tiketi ya kurudi nayo hufutwa. Ambatisha barua ya daktari yenye muhuri, na tarehe aliyokatazwa kusafiri.

Mwana wa Mvita: Baba alipofariki, shirika moja liliturudishia nauli yote baada ya kuona cheti cha kifo. Kwa ugonjwa sijui, ndugu yangu aliambulia vocha, tena ya jina lake mwenyewe.

Bint Pangani: Nimetoka kwa wakala sasa hivi. Amefuta, ameomba kodi, akachukua 40,000 yake. Barua ya daktari ameituma, anasema majibu ya nauli yatatoka makao makuu. Mdogo wangu tumemkatia nyingine, ya kwenda tu.

Zuhura wa Leeds: Ya kwenda tu? Viza ya Oman hawatamuuliza tiketi ya kurudi?

Bint Pangani: Ee! Ngoja nimpigie wakala.