Mtamba kazaa juzi, kiwele kimevimba hadi kitovuni na chuchu imechubuka

Mama Mitamba, Tukuyu
Habari zenu wafugaji. Mtamba wangu wa Friziani kazaa juzi usiku, uzao wa kwanza. Kiwele kimevimba hadi karibu na kitovu, nikibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Jana wakati anainuka kajikanyaga chuchu ya nyuma kushoto, ngozi imechubuka. Nikigusa tu, teke. Ila anakula vizuri. Nifanyeje?

Dogo wa Banda
Huo ni ugonjwa wa kiwele. Nunua tyubu za dawa, weka chuchu zote nne leo leo.

Mzee wa Maziwa
Dogo, taratibu. Kishimo kikibaki ujue ni maji chini ya ngozi. Ugonjwa wa kiwele mara nyingi hushika upande mmoja: unakuwa wa moto, mgumu, na maziwa yanatoka na mabonge. Mama, kamulia kila chuchu kidogo kwenye kitambaa cheusi utazame. Kabla hajazaa alikuwa anakula nini?

Mama Mitamba
Mabonge hakuna. Mazito ya njano, moja tu yana wekundu kwa mbali. Nilimpa pumba nyingi na kiganja cha chumvi kila siku, jirani alisema chumvi inaleta maziwa.

Mzee wa Maziwa
Chumvi hiyo imechangia, acha kumwongezea, ila maji asikose. Wekundu huo ni vimishipa vilivyopasuka kwa uvimbe, mara nyingi huisha siku chache. Mkamue mara tatu au nne kwa siku. Kila ukimaliza, mkande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kutoka chini kupanda juu, kisha mtembeze uani. Mpe wiki moja hadi mbili.

Chuchu yenye kidonda ikamue mwisho, kwa mkono uliopakwa mafuta ya kukamulia. Ndama asiinyonye. Usichomeke kijiti ndani hata maziwa yakigoma, utaingiza uchafu. Ukiona maziwa yanavuja kwenye kidonda chenyewe, mwite daktari saa hiyo hiyo. Kidonda kibichi kinashoneka, cha kesho kutwa ni kazi.

Bi Sauda
Mbuzi wangu naye ana vipele kwenye chuchu, nipake mafuta hayo hayo?

Mzee wa Maziwa
Vipele ni habari nyingine, fungua uzi wako.

Mkulima Njombe
Wangu nilianza kumkamua siku tano kabla hajazaa, kiwele kikalegea. Ila ndama alizaliwa dang'a imeshaisha, nikaazima kwa jirani.

Dogo wa Banda
Kwa hiyo kukamua kabla ya kuzaa ni sawa au si sawa?

Mzee wa Maziwa
Mimi sifanyi, labda chuchu zianze kuvuja zenyewe. Wapo wanaofanya na wanagandisha ile dang'a. Tunabishana miaka yote.

Mama Mitamba
Nimemkanda jioni hii, kasimama kimya mara ya kwanza. Ila chuchu ile inatoa uzi mwembamba mno, kama sindano, na nchani pamevimba.

Mzee wa Maziwa
Basi kajikanyaga hadi kwenye tundu. Usiikamue kwa nguvu. Asubuhi mwite daktari aipime kabla haijaziba.